Siku Tatu za Ndoo ya Kahawa

Mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, mteja anayeingia mkahawani na shati lililoloa jasho haulizi kahawa ya moto. Anataka glasi ya baridi, na anaitaka sasa hivi. Mhudumu akianza kupika kahawa ya moto na kuimwagia barafu, foleni inarefuka, barafu inayeyuka kabla glasi haijafika mezani, na glasi ya tatu haifanani ladha na ya kwanza. Ndiyo sababu mikahawa hutengeneza kahawa yake ya baridi siku moja kabla, ndoo nzima kwa mkupuo, kwa kuloweka kahawa ya kusaga katika maji yasiyopashwa moto.

Njia hii ina umri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1964, mhandisi wa kemia aitwaye Todd Simpson, mkazi wa Houston, Marekani, alibuni chombo cha kulowekea kahawa usiku kucha na kuichuja asubuhi. Chombo chake, kinachoitwa Toddy, kinauzwa hadi leo, na toleo lake kubwa hutumika mikahawani. Kilichofanya kahawa hii ijulikane kwa umati mkubwa ni hatua ya Starbucks kuiingiza kwenye maduka yake ya Marekani mwaka 2015, ikilowekwa kwa saa 20.

Kwa mwenye mkahawa, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kahawa hii haipikwi hata mara moja. Muuza kahawa chungu wa Kariakoo au wa Mji Mkongwe ana makaa chini ya birika lake la shaba tangu jioni hadi usiku. Moto ule unamfanyia kazi mbili: unakamua ladha upesi kutoka kwenye unga, na unaua vijidudu. Mwenye ndoo ya kulowekea hana moto huo. Kazi ya kwanza lazima ifanywe na mizani na saa, na kazi ya pili ifanywe na jokofu pamoja na usafi wa mikono. Karibu kila kosa linaloharibu kahawa hii linatokana na kusahau moja kati ya hayo.

Tuifuate ndoo moja, basi, tangu kulowekwa hadi glasi ya mwisho. Uwe ni mkahawa mdogo unaouza glasi 25 za kahawa baridi kwa siku, siku sita kwa wiki, na Jumapili unafungwa. Kwa siku tatu unahitaji glasi 75. Ndoo moja ya lita 20, ya plastiki ya kuhifadhia chakula na yenye mfuniko, inatosha kabisa.

Mapishi ni haya: kilo 2 za kahawa iliyosagwa, na lita 12 za maji. Uwiano wake ni moja kwa sita, yaani kila gramu moja ya kahawa inapata gramu sita za maji. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mizani moja inapima vyote viwili. Kupima kahawa kwa kikombe kunadanganya, kwa sababu punje zilizokaangwa hadi kuiva sana huwa nyepesi na zimevimba. Kikombe cha kahawa nyeusi na kikombe cha kahawa ya hudhurungi havina uzito sawa, na anayepima kwa vikombe hubadilisha mapishi kila anapobadilisha mfuko bila kujua.

Anayetia lita 12 asitarajie kupata lita 12. Unga wa kahawa hunyonya maji takriban mara mbili ya uzito wake na kubaki nayo. Kilo 2 zitameza kama lita 4, na kinachochujwa ni kama lita 8. Hesabu hii ndiyo inayowaangusha wengi wanaopanga bei: wanagawanya gharama ya mfuko kwa lita walizotia, si kwa lita walizopata, na faida inapotea kwenye machicha.

Lita hizo 8 hazinywewi hivyo zilivyo. Ni kahawa nzito, na mpishi yeyote wa pwani ataielewa haraka akiilinganisha na tui. Lipo tui la kwanza, zito, ambalo huwekwa kando likasubiri, na lipo tui lililozimuliwa kwa maji. Kahawa nzito ni lile la kwanza. Inachukua nafasi ndogo kwenye jokofu, na huzimuliwa pale tu mteja anapoagiza.

Wako wanaopenda kuloweka kahawa ambayo ikichujwa inanyweka moja kwa moja. Hao hutumia uwiano wa moja kwa kumi na mbili hadi moja kwa kumi na sita. Kwa nyumbani ni njia rahisi. Kwa mkahawa ina kasoro mbili: inahitaji ndoo mbili pale ambapo kahawa nzito ingehitaji moja, na ikikutana na barafu inageuka maji ya rangi.

Usagaji unafuata. Unga laini unaofaa kahawa ya mashine au kahawa chungu haufai hapa. Kahawa ya kuloweka husagwa iwe chengachenga, ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa. Chembe kubwa zinatoa ladha polepole, jambo ambalo ndoo ya saa nyingi inaliweza, na zinapitisha maji wakati wa kuchuja. Unga laini huziba kitambaa, na ukipita chini huacha kahawa yenye tope na uchungu unaokwaruza ulimi.

Maji yawe yale ambayo mtu angekunywa peke yake kwenye glasi. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya Dar es Salaam inayajua vizuri, yanaiharibu kahawa hata ikiwa imetoka kwenye shamba bora la Kilimanjaro au Mbinga. Na kwa kuwa hakuna kuchemsha mahali popote katika mapishi haya, maji lazima yawe salama kabla hayajagusa ndoo. Barafu nayo itokane na maji hayohayo.

Sasa saa. Jumapili saa nane mchana, hata kama milango imefungwa, mfanyakazi mmoja anafika. Anatia kahawa kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa uliowekwa ndani ya ndoo, anamimina nusu ya maji yakiwa baridi, kisha anakoroga kwa mwiko safi kwa dakika moja au mbili. Hatua hii ndogo ni ya lazima. Kahawa iliyosagwa huelea, na bila kukorogwa huacha madonge ambayo nje yamelowa na ndani ni makavu kama yalivyotoka dukani. Madonge hayo hayatoi ladha hata yakilazwa siku mbili. Halafu anamimina nusu iliyobaki, anafunika, anaandika siku na saa kwenye karatasi ya kubandika, na kuiingiza ndoo kwenye jokofu.

Kwa nini jokofuni, wakati mapishi mengi yanasema iachwe mezani kwa saa 12 hadi 18? Kwa sababu mapishi hayo yameandikwa katika nchi ambazo jiko la mkahawa lina nyuzijoto 20 au zaidi kidogo. Jiko la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga hukaribia nyuzijoto 30 hata usiku. Katika joto hilo kahawa inatoa ladha haraka kupita kipimo kilichoandikwa, na vijidudu vilivyoingia kwa mkono au kwa mwiko vinazaana usiku kucha. Kulowekea jokofuni kunachukua muda mrefu zaidi, kati ya saa 16 na 24, lakini joto la humo ni lilelile Januari na Julai, na ladha haiyumbi na msimu.

Kuhusu muda wenyewe, utafiti umesaidia kuondoa imani kwamba kadiri kahawa inavyolazwa ndivyo inavyozidi nguvu. Megan Fuller na Niny Rao, watafiti wa Filadelfia nchini Marekani, walichapisha mwaka 2017 matokeo yaliyoonyesha kwamba katika joto la kawaida la chumba, kafeini kwenye maji hufikia kikomo chake ndani ya saa sita hadi saba. Baada ya hapo haipandi tena. Kinachoendelea kubadilika ni ladha, na ndicho ambacho mwonjaji anakisubiri. Kwa hiyo mteja anayeomba kahawa iliyolazwa siku mbili ili imkeshe hatapata nguvu zaidi, atapata uchungu zaidi.

Mkahawa wetu umechagua saa 18. Namba hiyo haitakiwi kunakiliwa tu. Kabla ya kuloweka kilo mbili, mwenye mkahawa anaweza kuchukua chupa tatu za kioo, kila moja akatia gramu 50 za kahawa na mililita 300 za maji, uwiano uleule wa moja kwa sita. Azichuje kwa zamu, moja baada ya saa 14, ya pili baada ya saa 18, ya tatu baada ya saa 22, kisha azizimue na kuzionja pamoja. Kahawa iliyotolewa mapema ina wepesi wa maji na uchachu unaokatika haraka mdomoni. Iliyochelewa ina ladha ya gome na inaacha ukavu kwenye ulimi. Katikati yake kuna utamu wa asili, kama wa karanga zilizokaangwa au kakao, na hapo ndipo saa ya mkahawa huo inapowekwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi, saa 18 zimetimia. Mfuko unainuliwa na kuning'inizwa juu ya ndoo ili udondoke wenyewe. Mtu aliyelelewa na kifumbu cha nazi atashawishika kuukamua, kwani tui bila kukamuliwa halitoki. Kahawa inataka kinyume chake. Kukamua kunasukuma nje vumbi laini na uchungu uliobaki ndani ya machicha, na kahawa iliyokuwa angavu inakuwa tope kwa ajili ya nusu lita ya ziada. Mfuko uachwe udondoke kwa nusu saa hadi saa nzima. Baada ya hapo kahawa inapitishwa mara ya pili kwenye chujio la karatasi, ambalo linashika vumbi lililopenya kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni chanzo cha matatizo ambacho hakionekani kwa macho. Mafuta ya kahawa hujificha kwenye nyuzi zake, yanachacha, na kila ndoo inayofuata inachukua harufu yake. Kisuuzwe mara tu kinapomaliza kazi, kichemshwe kwenye maji matupu bila sabuni ya harufu, kisha kikaushwe kabisa au kihifadhiwe kwenye friza. Kikianza kunuka kama mafuta ya zamani hata baada ya kuchemshwa, muda wake umekwisha.

Lita 8 za kahawa nzito sasa zinagawanywa kwenye chupa safi za lita mbili mbili, nne kwa jumla. Sababu ni rahisi: ndoo moja kubwa inayofunguliwa mara 25 kwa siku inaingiza joto na mikono mara 25. Chupa nne zinafunguliwa moja baada ya nyingine, na tatu zinabaki zimefungwa zikiwa baridi.

Mteja akiagiza, glasi ya mililita 350 inajazwa barafu hadi karibu theluthi mbili, inamiminwa mililita 100 za kahawa nzito, kisha mililita 100 za maji baridi au maziwa. Ni moja kwa moja, na mtu yeyote anayeshika zamu anaweza kuirudia bila kubahatisha. Ukipima kwa lita, ndoo inatoa glasi 80. Glasi tano zinaachwa kwa kuonja na kumwagika, na 75 zilizobaki ndizo za siku tatu. Kila glasi imebeba gramu 25 za kahawa. Ni kinywaji chenye nguvu, na mjamzito au mtu mwenye tatizo la moyo anastahili kuambiwa hivyo kabla hajaagiza ya pili. Ikiwa kahawa yenyewe ni robusta ya Kagera, tahadhari iongezwe, kwani robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Glasi ikionekana nzito mno ikifika mezani, mhudumu asikimbilie kuongeza maji. Barafu itayeyuka kwa dakika kumi zijazo na kufanya kazi hiyo. Kahawa baridi hupimwa kwa ladha ya nusu ya glasi, si kwa ladha ya tone la kwanza.

Tunafika kwenye swali ambalo lina uzito kuliko yote: kahawa hii inakaa muda gani?

Watu wengi huamini kwamba kahawa haiozi, kwa kuwa ni chungu na nyeusi. Imani hiyo haina msingi. Mwaka 2018 Rao na Fuller walipima kahawa iliyolowekwa na iliyopikwa kutoka nchi mbalimbali na kukuta zote zina kipimo cha pH kati ya 4.85 na 5.13. Wataalamu wa usalama wa chakula wana mstari wao kwenye 4.6. Chakula kilicho chini ya hapo, kama juisi ya ndimu au achari, kina ukali wa kutosha kujilinda. Kilicho juu ya hapo hakijilindi. Kahawa iko juu ya mstari huo, kwa hiyo inawekwa kundi moja na vyakula vinavyolindwa kwa ubaridi.

Hofu kubwa inatoka kwa bakteria aitwaye Klostridiamu botulinamu, anayestawi pasipo na hewa na kutoa sumu inayopooza misuli. Chupa iliyojazwa hadi mdomoni na kufungwa kabisa, ikaachwa mezani, inampa mazingira anayoyapenda. Septemba 2017 kampuni ya Death Wish Coffee ya jimbo la New York iliondoa sokoni makopo yake ya kahawa baridi iliyotiwa gesi ya naitrojeni, baada ya kuonekana kwamba utengenezaji wake ungeweza kuruhusu sumu hiyo. Hakuna mtu aliyeripotiwa kuugua. Tukio hilo lilizifundisha kampuni za vinywaji somo ambalo mkahawa mdogo nao unalihitaji: sumu hiyo haibadilishi rangi wala harufu kwa namna ambayo mnywaji angeweza kuitegemea.

Kwa hiyo ukomo unawekwa kwa kipimajoto na tarehe. Kanuni za chakula zinazotumika Marekani huruhusu vyakula vya kundi hili vikae siku saba zikiwa jokofuni kwa nyuzijoto 5 au chini yake. Baadhi ya watengenezaji wa vyombo vya kulowekea hutaja hadi wiki mbili kwa kahawa nzito. Mkahawa wenye busara unashika siku saba, zikihesabiwa tangu kuchujwa, na ladha yenyewe inaunga mkono: kuanzia siku ya tano hivi, harufu nzuri hupungua na kahawa inaanza kuonja kama karatasi iliyolowa. Kahawa iliyokwisha kuzimuliwa kwa maji itumike ndani ya siku mbili au tatu. Iliyochanganywa na maziwa isilale zaidi ya usiku mmoja, na ni heri ichanganywe kwenye glasi tu.

Kuna adui mwingine ambaye vitabu vya nje havimtaji: kukatika kwa umeme. Jokofu lililofungwa huhimili saa chache, lakini mkahawani mlango haupumziki. Kipimajoto cha bei nafuu kikiwekwa ndani, karibu na chupa, kinamaliza ubishi. Umeme ukirudi na kipimo kikionyesha zaidi ya nyuzijoto 5 kwa zaidi ya saa nne, chupa zinamwagwa. Lita mbili za kahawa zina gharama inayojulikana. Mteja aliyeugua gharama yake haijulikani.

Zipo dalili ambazo jicho na pua vinaweza kuziona, na zikijitokeza hakuna haja ya kuhesabu siku. Chupa inayotoa gesi ikifunguliwa, harufu ya kuchacha kama togwa iliyopitiliza, utando juu ya kahawa, au utelezi kwenye ukuta wa chupa: vyote vinamaanisha kumwaga, kisha kuosha na kutakasa kila kilichogusa kahawa hiyo. Kukosekana kwa dalili hizo, hata hivyo, hakuongezi siku kwenye tarehe.

Ndoo hii hii inaweza kuzaa vinywaji kadhaa bila kuongeza kazi. Sukari ya kawaida haiyeyuki vizuri kwenye kinywaji baridi, inatua chini na mteja anaipata kwa mkupuo mwishoni mwa mrija. Kinachofaa ni shira: kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, ichemke, ipoe, iwekwe jokofuni na itumike ndani ya wiki mbili. Anayetaka ladha ya kahawa chungu ya barazani atie tangawizi na iliki kwenye shira hiyo inapochemka, kisha aichuje. Tangawizi mbichi isitiwe kwenye ndoo ya kulowekea. Imetoka udongoni, na ndani ya ndoo hakuna moto wa kuisafisha. Kwenye sufuria ya shira moto huo upo.

Chai ya barafu na kinywaji cha choya vifuate sheria hiyohiyo ya sufuria. Vichemshwe viwe vizito mara mbili, kisha vimiminwe juu ya barafu yenye uzito sawa na maji yaliyopungua, vipoe papo hapo na kwenda jokofuni. Kuviacha mezani vipoe vyenyewe kwa mchana mzima kunavipitisha kwa saa nyingi kwenye joto ambalo vijidudu hulipenda.

Turudi kwenye ndoo yetu. Jumatano saa nane mchana, chupa ya nne ikiwa imefikia nusu, ndoo ya pili inalowekwa, ili ichujwe Alhamisi asubuhi na kuuzwa hadi Jumamosi jioni. Kwa mpangilio huo hakuna kahawa inayovuka siku ya tatu, na zile siku saba zinabaki kuwa akiba ya wiki ya mvua ambayo wateja wamepungua. Kinachohitajika kununuliwa ni ndoo, mfuko wa kitambaa, mizani, kipimajoto, karatasi za kubandika na kalamu isiyofutika kwa maji. Mwenye mkahawa anayekutana na chupa isiyo na tarehe jokofuni mwake aimwage asubuhi hiyohiyo, kabla haijafika glasi ya mteja.